Chai inapokataa kufuata hesabu: kutafuta k kwa vipimo viwili na makosa yanayojirudia

"Shikamoo mwalimu. K yangu imetoka hasi. Ina maana chai yangu inajichemsha yenyewe?"

Ujumbe wa namna hii naupata kila muhula; k ni namba inayosema chai inapoa kwa kasi gani. Nafundisha twisheni ya hesabu na fizikia Nyegezi, Mwanza, na jaribio la kupoa kwa chai ndilo ninalowapa wanafunzi wakalifanye nyumbani, kwa sababu halidai maabara: kikombe, kipimajoto, saa ya simu. Makosa wanayorudi nayo ni yaleyale miaka yote, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea sana, kisha teremka.

Kabla ya kugusa maji ya moto. Usitumie kipimajoto cha homa. Kile cha kioo kimetengenezwa kusoma kati ya nyuzi 35 na 42 hivi. Ukikitia kwenye chai ya nyuzi 80 kinapasuka, na kama ni cha zebaki umeharibu zaidi ya chai. Zebaki ikimwagika, acha jaribio hapohapo. Toa watoto chumbani, fungua madirisha, usifagie wala usiiguse kwa mkono, na umwite fundi sanifu wa maabara ya shule au afisa afya. Kinachofaa ni kipimajoto cha maabara cha spiriti kinachofika 110, au cha dijitali cha jikoni chenye ncha ya kuchovya.

## Hesabu yenyewe, na kikombe tutakachokitumia

Kanuni ya Newton ya kupoa inasema kasi ya kinywaji kupoa inawiana na tofauti kati ya joto lake na joto la hewa inayokizunguka. Kinachopungua kwa mtindo wa kipeo ni hiyo *tofauti*. Joto la chai lenyewe halipungui hivyo, na nusu ya makosa yote yaliyomo humu yanatokana na kulisahau hilo.

```
T(t) = Ta + (T1 - Ta) * e^(-k*(t - t1))
k = ln((T1 - Ta)/(T2 - Ta)) / (t2 - t1)
```

Ta ni joto la chumba. T1 ni kipimo cha kwanza kilichochukuliwa dakika ya t1, T2 ni cha pili. K inasema kila dakika inakula sehemu gani ya tofauti iliyobaki.

Hivi hapa ni vipimo vyangu vya chai ya rangi, mililita 250, kikombe cha kauri, sebuleni, madirisha yamefungwa, chumba kikiwa nyuzi 27. Mara ya kwanza kikombe kilikuwa wazi, mara ya pili nilikifunika kwa kisahani chake. Dakika zinahesabiwa tangu kumimina.

| Dakika | Wazi | Kimefunikwa |
|---|---|---|
| 5 | 80 | 83 |
| 15 | 66 | 72 |
| 30 | 53 | 60 |
| 60 | 40 | 45 |
| 90 | 34 | 37 |

Chukua kikombe cha wazi, dakika ya 5 na ya 15. Tofauti ya kwanza ni 80 − 27 = 53. Ya pili ni 66 − 27 = 39. Gawanya 53 kwa 39 upate 1.359, logi asilia yake ni 0.307, gawanya kwa dakika 10. K ni 0.0307 kwa dakika.

Ina kazi gani? Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, mwaka 2016 liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, hasa ya umio. Basi swali la haki mbele ya kikombe ni: kitafika 65 lini? Tofauti inatakiwa kushuka kutoka 53 hadi 38, yaani ln(53/38) kugawanya kwa 0.0307, dakika 10.8 baada ya kipimo cha kwanza. Karibu dakika ya 16 tangu kumimina. Kumbuka kikombe hiki, maana kila dalili inayofuata nitaijaribu juu yake.

## Dalili ya 1: k ni hasi, au kikokotoo kinaandika "Math ERROR"

*Umegeuza sehemu.* Umeweka tofauti ndogo juu na kubwa chini. Logi ya namba iliyo chini ya 1 ni hasi, ndiyo hiyo "chai inayojichemsha". Geuza, alama itaondoka na namba yenyewe itabaki ileile. Hakuna lingine la kurekebisha.

*Umetoa dakika kinyumenyume.* t1 kutoa t2 badala ya t2 kutoa t1. Tiba ni hiyohiyo. Ukiyafanya makosa yote mawili kwa pamoja yanafutana na unapata jibu sahihi. Nimeshamwona mwanafunzi akipata alama zote kwa njia hiyo.

*Ta iko juu kuliko kipimo cha pili.* Hapa ndipo "Math ERROR" inapotoka, kwa sababu kikokotoo hakina logi ya namba hasi. Mara nyingi mtu amepima joto la chumba karibu na jiko la mkaa, au juani kibarazani, akapata 35, halafu chai ikashuka hadi 34. Nenda moja kwa moja dalili ya 4.

## Dalili ya 2: k inaonekana nzuri, lakini ukiirudisha haikurudishi kwenye kipimo chako

Fanya ukaguzi huu kabla ya kuandika jibu lolote. Chukua k uliyoipata, iweke kwenye mlinganyo kuanzia kipimo cha kwanza, uone kama unapata cha pili. Kwa kikombe changu: 27 + 53 × e^(−0.307) = 66. Imerudi nyumbani. Isiporudi, kosa liko kwenye hesabu. Chai haina hatia.

*Umetumia `log` badala ya `ln`.* Huyu ndiye mwizi mkubwa, kwa sababu vitufe viwili vinakaa jirani. Ungepata k ya 0.0133. Ukiirudisha inakwambia chai ya dakika ya 15 ilikuwa nyuzi 73, wakati wewe mwenyewe ulisoma 66. Ukitaka kuiokoa bila kuanza upya, zidisha kwa 2.303. Kwenye jedwali la kompyuta andika hivi:

```
=LN((80-27)/(66-27))/10
```

Huko `LOG` peke yake ni logi ya kumi. Kwenye lugha ya Python, `math.log` ni logi asilia. Usiende kwa mazoea.

*Hukutoa joto la chumba.* Umechukua ln(80/66) ukapata 0.0192. Kosa hili lina ujanja. Mtu akilibeba mpaka mwisho, akitumia joto lenyewe kila mahali, ukaguzi wa kurudisha kipimo unapita vizuri kabisa, na hata utabiri wa dakika ya 30 hauko mbali: unatoka nyuzi 49 na nusu. Mwalimu mwenye haraka anapiga vema. Lifichue kosa kwa kulipeleka mbali. Dakika ya 120 hesabu hiyo inasema chai iko kama nyuzi 9. Hakuna kitu cha nyuzi 9 sebuleni Mwanza. Hata ziwa lenyewe haliwi baridi hivyo.

*Umechanganya dakika na sekunde.* K ya 0.0307 kwa dakika ni sawa na 0.00051 kwa sekunde. Ukiweka k ya dakika na muda wa sekunde, chai inafika joto la chumba papo hapo. Ukifanya kinyume chake, haipoi mpaka kesho. Dalili hii inajitangaza yenyewe.

## Dalili ya 3: hesabu ni safi, lakini chai halisi inapoa polepole kuliko k inavyotabiri

Hapa kuna mengi, na ndipo fizikia inapoanza. Kwa k ya 0.0307 kikombe changu kilitakiwa kuwa 51.6 dakika ya 30. Kilikuwa 53. Dakika ya 60 kilitakiwa kuwa 36.8, kikawa 40. Kila unavyokwenda mbele, chai inabaki na joto kuliko hesabu.

*Hukupima mwanzo, ulidhani ni 100.* Ndiyo sababu ninayokutana nayo kuliko zote. Mwanafunzi anasema: maji yamechemka, basi dakika ya sifuri ni nyuzi 100, kipimo kimoja tayari ninacho bure. Sisi hatuko Dar. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tena ukishamimina kwenye kauri ya baridi, kikombe kinanyonya joto lake kwanza. Ukitumia 100 kwa dakika ya sifuri na 66 kwa dakika ya 15, k inatoka 0.0418, na chai ya dakika ya 30 inakuwa nyuzi 48. Umekosea nyuzi tano kwa kutopima mara moja.

Hapohapo niseme jambo linalowatesa wengi: ukikagua kipimajoto chako kwenye maji yanayochemka na kikasoma 96, usikitupe. Kiko sawa. Kikisoma 100 Mwanza, hicho ndicho cha kukitilia shaka. Upande wa chini kikague kwa barafu inayoyeyuka, ambayo ni sifuri popote ulipo.

*Kipimo cha kwanza kilichukuliwa mapema mno.* Dakika mbili tatu za mwanzo chai inapasha kikombe, haipashi chumba. Huo si upoaji wa Newton. Suuza kikombe kwa maji ya moto kabla ya kumimina, au subiri mpaka dakika ya 5 kama nilivyofanya.

*Mvuke.* Ukiondoa hayo mawili na bado k inakimbia, mwenye kosa ni uso wa chai ulio wazi. Ili umwone, tafuta k kwa kila pengo la jedwali. Kikombe cha wazi kinatoa 0.0307, kisha 0.0270, kisha 0.0231, kisha 0.0206. Inashuka ngazi kwa ngazi bila kurudi juu, na mteremko huo ndio alama yake.

Sababu ni kwamba chai ya wazi inapoteza joto kwa njia mbili zenye tabia tofauti. Hewa na kuta za kikombe zinafuata tofauti ya joto, kama Newton anavyotaka. Mvuke haufuati hivyo. Msukumo wa mvuke wa maji kwenye nyuzi 80 ni kama kilopaskali 47, kwenye nyuzi 50 ni kama 12. Umeshuka karibu mara nne, wakati tofauti na chumba imeshuka kutoka 53 hadi 23, mara mbili na kidogo tu. Chai ya moto sana inapata msaada wa mvuke ambao ya uvuguvugu haiupati, na k inaonekana kubwa mwanzoni.

Tiba ni kisahani. Angalia safu ya pili ya jedwali: k zinatoka 0.0219, 0.0207, 0.0202, 0.0196. Bado zinashuka, lakini kwa sehemu ya kumi tu, si kwa theluthi. Kwa zoezi la shule hiyo ni k moja, na unaweza kuitetea mbele ya msahihishaji.

Kama huruhusiwi kufunika, basi chagua vipimo viwili vinavyozunguka joto unalolitafuta. Ukitaka kujua lini chai itafika 65, dakika ya 5 na ya 15 zinatosha, kwa kuwa 66 iko jirani kabisa na 65. Ukitaka kujua lini itafika 45, tumia dakika ya 15 na ya 60, zinazokupa 0.0244. Usichukue k ya chai inayounguza ukaitabiria chai ya uvuguvugu.

*Upepo.* Hapa dalili ni tofauti kidogo: k za mapengo hazishuki kwa mpangilio, zinaruka juu na chini. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na nyumba za kilimani zinaupokea wote. Siku moja niliweka kikombe hichohicho, chai ileile, dirishani saa tisa alasiri. Kilitoka 80 hadi 60 kwa dakika kumi, k ya 0.047. Chai haikubadilika, wala kikombe. K si mali ya chai peke yake. Ni ya chai ndani ya kikombe fulani, mahali fulani, siku ile.

Newton mwenyewe alilijua hilo. Katika maandishi yake ya mwaka 1701, aliyoyatoa bila jina lake, alieleza kwamba chuma chake cha moto hakukiweka penye hewa tulivu bali penye upepo unaovuma sawasawa. Hewa tulivu nayo ina kasoro yake: hewa iliyopashwa na kikombe inapanda yenyewe, na inapanda kwa nguvu zaidi tofauti ikiwa kubwa, kwa hiyo nayo inaongeza k mwanzoni. Feni ndogo ya mezani kwa kasi moja, pamoja na kisahani juu ya kikombe, inanipa k iliyotulia kuliko chumba kimya. Wanafunzi huwa hawaniamini mpaka wajaribu.

## Dalili ya 4: vipimo vya mwishoni vinatoa k ya ajabu

Dakika za mwanzo k ni ya kawaida, lakini ukitumia dakika ya 60 na ya 90 unapata namba isiyofanana na yoyote.

*Ta yako si ya chumba chako.* Umeisoma kwenye simu, utabiri wa hewa wa Mwanza, ambao ni wa nje, mbali na sebule yako yenye bati. Mwanzoni kosa hili halionekani. Kwa dakika ya 5 na ya 15, ukiweka Ta ya 24 unapata 0.0288, ukiweka 30 unapata 0.0329. Si mbali na 0.0307. Sasa fanya hivyohivyo kwa dakika ya 60 na ya 90, chai ikiwa 40 kisha 34. Ta ya 24 inatoa 0.0157. Ta ya 30 inatoa 0.0305, karibu mara mbili. Tofauti iliyobaki ni nyuzi chache, na kosa la nyuzi tatu linaimeza.

Ukaguzi: weka glasi ya maji mezani tangu asubuhi, uifunike, uipime kwa kipimajoto kilekile utakachochovya kwenye chai. Hiyo ndiyo Ta. Kipimajoto kikiwa na kosa la nyuzi moja, kosa hilo litakuwa kwenye chai na kwenye Ta pia, na ukitoa linafutika.

*Chumba kimebadilika.* Umeanza saa nane mchana, umemaliza saa kumi, jua limehama ukutani. Pima Ta mwanzo na mwisho. Zikipishana zaidi ya nyuzi moja, rudia usiku.

Wajanja wananiuliza kama Ta inaweza kupatikana kwenye chai yenyewe. Inaweza, kwa vipimo vitatu vyenye mapengo sawa:

```
Ta = (T1*T3 - T2^2) / (T1 + T3 - 2*T2)
```

Kikombe kilichofunikwa, dakika 30, 60 na 90: 60, 45, 37. Juu unapata 195, chini 7, Ta ni 27.9. Inapendeza. Lakini jaribu kusoma 36 badala ya 37 kwenye kipimo cha mwisho: juu 135, chini 6, Ta 22.5. Nyuzi moja ya jicho imebadilisha chumba kwa nyuzi tano. Itumie kushuku Ta yako. Usiitumie badala ya kuipima.

## Dalili ya 5: ukirudia mara tatu unapata k tatu

*Vipimo viko karibu mno.* Ukipima dakika ya 5 na ya 7, chai inashuka kama nyuzi tatu. Ukisoma 77, k ni 0.029. Ukisoma 78 ni 0.019. Ukisoma 76 ni 0.039. Kipimajoto cha spiriti hakikuahidi usahihi zaidi ya nyuzi moja, kwa hiyo hapo umepima jicho lako. Kwa pengo la dakika kumi, kosa hilohilo linakupeleka 0.028 au 0.033 tu. Kanuni yangu ni kusubiri mpaka tofauti ishuke angalau hadi nusu, na kwa kikombe kilichofunikwa hadi theluthi. Ukizidi hapo unaingia kwenye matatizo ya dalili ya 4.

*Hukukoroga.* Chai ya moto inakaa juu na ya baridi inashuka chini. Ncha ya kipimajoto ikigusa kitako cha kikombe inasoma kauri. Koroga mara tatu taratibu, weka ncha katikati, subiri namba itulie, ndipo usome. Fanya vilevile kila mara. Ukikoroga mfululizo unaongeza kupoa.

*Unatumia kipimajoto cha bunduki.* Hicho kinasoma ngozi ya juu tu, ambayo mvuke umeshaipoza kuliko chai iliyo chini yake. Ukikielekeza kwenye kikombe cha chuma kinachong'aa kinasoma hata joto la vitu vingine vinavyojiakisi humo. Kiweke kando.

## Dalili ya 6: hakuna k inayokaa, hata ukifanya yote

Uliza kwanza umepima nini. Mlinganyo huu unadai kinywaji kizima kiwe na joto moja kila mahali. Chai ya rangi inakubali, na ya maziwa inakubali ukiikoroga isifanye utando. Uji mzito wa ulezi haukubali. Mama lishe mmoja wa Mwaloni, Kirumba, aliniachia bakuli lake asubuhi moja nipime: pembeni 58, katikati 71, kwa wakati mmoja. K ya bakuli hilo ni ipi? Haipo. Joto la katikati linasafiri ndani ya uji wenyewe kabla ya kufika hewani, na safari hiyo ina mlinganyo mwingine, ule wa joto kupenya ndani ya kitu, ambao haupatikani kwa vipimo viwili. Ukifika hapo acha kurekebisha logi. Kama ni mradi wa shule unaotaka alama, mpelekee mwalimu wa fizikia wa chuo anayefundisha upitishaji joto.

Simama pia kama mtu anataka k yako imwambie chakula kilichopikwa kikae mezani kwa muda gani bila kuharibika. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwe juu ya nyuzi 60. Kama ni biashara, hilo ni la afisa afya wa kata, hata kama mkunjo wako umekaa vizuri kwenye karatasi.

Yule mama aliniuliza kama hesabu ingemsaidia kujua uji wa mtoto unalika lini. Nikamwambia kwa uji mzito haingemsaidia. Yeye humimina kutoka bakuli hadi bakuli mara nne, kisha anadondoshea tone mgongoni mwa mkono. Nilichovya kipimajoto baada ya mara ya nne: 46, pembeni na katikati.